Soko Letu Likitazamwa Kutoka Juu

Jino langu la kwanza kung'olewa halikuwa lile lililokuwa likiuma. Nilikuwa kijana bado, na nilikuwa nimetembea tangu alfajiri hadi hospitali ya misheni nikiwa nimejifunga leso kidevuni kama maiti. Yule aliyeng'oa hakuwa daktari. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, mtu mnene wa mikono, na alikuwa na haraka kwa sababu foleni ilifika mpaka kwenye mti wa mjakaranda. Aliuliza, "Hili?" Sasa mtu akiwa amekutia vidole viwili na koleo mdomoni utamjibu nini? Nikatoa sauti. Yeye akaichukua ile sauti kuwa ndiyo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye nyasi, damu upande mmoja na maumivu upande mwingine. Kando yangu alikuwa amekaa kijana mwingine, shavu limevimba kama amemeza parachichi zima. Akanitazama, akasema, "Lako limetoka?" Nikamwambia limetoka lisilohusika. Alicheka mpaka akashika shavu lake akalia. Tukawa marafiki kuanzia hapo. Nilipomuuliza kwao ni wapi ndipo nikajua tunatoka mgongo mmoja wa mlima, soko moja, ila yeye alikuwa amelelewa zaidi kwa mjomba wake upande wa Mikinduri, wakifanya kazi ya miraa, na mimi nilikuwa nimebaki nyumbani na mbuzi. Mimi ni mkubwa kwake kidogo. Wakati mimi nilikuwa nakimbia na miguu yangu, yeye alikuwa bado mgongoni mwa mama yake. Lakini rika ni moja.

Ninasema mambo ya jino kwa sababu watu huniuliza tulijuana vipi, na kwa sababu dresa yule bado namkumbuka. Jambo lenyewe ninalotaka kuandika ni la picha.

Huyu rafiki yangu, babake alipokufa, alirudi kwenye soko letu akakaa. Pale katikati ya soko kuna uwanja, na kando ya uwanja kuna maduka yao, mstari mmoja wa maduka ya mabati yenye baraza mbele: ya unga, ya mbolea, ya fundi wa viatu, na moja ambalo kila mwaka linabadilika. Hayana hati. Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hati. Na rafiki yangu alikuwa na hadithi ya yale maduka ambayo kila mtu aliyekunywa chai naye aliijua. Kwamba soko lile lilianzishwa na babake. Kwamba babake alichukua kamba, akapiga vigingi, akapima njia moja hivi na nyingine hivi, akawaambia watu, "Wewe jenga hapa, na wewe hapa." Ndiyo maana, alisema, soko letu limenyooka. Nenda uangalie masoko mengine, alisema, yamejikunja kama nyoka aliyepigwa. Sisi tulipimwa.

Na kweli sote tulijivunia kunyooka. Ule upande wa juu unaitwa Mistarini. Upande wa chini, unaoteremka kwenda mtoni, unaitwa Matumbo, kwa sababu vichochoro vyake vinazunguka, vinajifunga, unaingia ukitafuta posho mill ya kusaga unga unajikuta nyuma ya choo cha mtu. Sisi wa juu tuliwacheka wa chini. Nimecheka pia. Hakuna aliyejiuliza kunyooka kunatoka wapi. Ukiishi ndani ya kitu hukioni.

Sasa serikali ya kaunti ikasema soko letu litakuwa mji. Mji lazima uwe na ramani ya mpango, na kampuni fulani ikapewa kazi ya kuuchora. Wakatuma binti mmoja, mpangaji wa miji, mwenyeji wa Embu, kwa hivyo Kimeru chetu alikuwa anakisikia nusu na nusu anakisia. Tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikuwepo kwa sababu nilichaguliwa kwenye kamati ya wazee, na nilichaguliwa kwa sababu sina shughuli. Shule niliiacha nikiwa nimejua kusoma na kutoa. Kugawanya hatukufika.

Binti alibandika ukutani picha kubwa ya soko letu iliyopigwa kutoka juu. Watu walisimama hata kabla ya maombi. Kila mmoja alikuwa anatafuta paa lake. Mama mmoja alilijua lake kwa sababu ya bati jekundu alilopewa na mwanawe, akaliwekea kidole asitake kukitoa.

"Wazee, hebu kaeni," binti akasema. "Nitawaambia kile ninachoona mimi, halafu mniambie kama ni uongo."

Akachukua kijiti. Akasema mji huwa unaandika umri wake na asili yake kwenye njia zake. Ukiona vichochoro vinavyopinda, jua kwamba watu na nyumba walikuja kwanza, njia ikafuata. Miguu ilikwepa mwamba, ikakwepa shamba la mtu, ikafuata mteremko, na nyumba zikajengwa kando ya nyayo. Miji ya zamani ya pwani iko hivyo, alisema. Ukiona njia zimenyooka na zinakatana kama kitambaa cha drafti, jua mstari ulikuja kwanza, nyumba zikafuata. Mtu mwenye amri alisimama siku moja akasema hapa na hapa. Kambi ya reli huwa hivyo, na boma la mkoloni. Halafu akaonyesha kule karibu na barabara ya lami, palipo na viwanja vitupu vya futi hamsini kwa mia, vyote sawasawa, vinafuatana kama mikate dukani, na njia zinazoishia hewani. "Hivi ni vya kampuni ya kuuza ploti," akasema, "ni vya juzi." Na ile mikanda mirefu ya mashamba inayoanzia kwenye barabara ya mgongoni na kushuka mpaka mtoni ni ya ule wakati mashamba yalipokusanywa na kupimwa upya, kila mtu apate kipande cha juu na cha maji.

Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Ploti ni za juzi, kweli. Mikanda ya mashamba, kweli, nilimwona babangu akikanyaga mpaka.

"Na Mistarini?" mtu akauliza.

"Hapo ndipo nataka kuwauliza," binti akasema. "Safu zimekaribiana sana, zote zina upana mmoja, na hazijali mteremko. Na hii barabara inayozunguka soko lote, iko mviringo kwenye pembe tu. Kwetu Embu kuna masoko kadhaa yaliyo hivi. Yale yalikuwa vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, vita vya msituni. Nyanya yangu aliishi kwa kimoja. Barabara ya kuzunguka ilikuwa mtaro."

Wazee wakatazama viatu. Si kwamba lilikuwa siri. Mimi mwenyewe niliishi pale. Watu walitolewa mashambani, nyumba zikachomwa, tukapangwa kwa safu kwenye ule mgongo, na kuzunguka safu kukachimbwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Mama zetu ndio waliouchimba. Mambo yalipokwisha wengi wakarudi mashambani, wachache wakabaki wakauza chumvi na mafuta ya taa, na likawa soko. Kila mtu wa umri wangu anajua. Ila hatukuwa tumezoea kusema kwamba mistari yetu mizuri ndiyo ile.

Rafiki yangu akasimama. "Madam," akasema, "kijiji kilikuja, sikatai. Lakini kilikuta soko. Babangu alikuwa amepima kabla yao. Wazungu waliona kazi yake wakaifuata."

Kutoka nyuma, mama mmoja mzee wa Matumbo, muuza ndizi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka Muthara, akasema, "Basi babako alikuwa msaveya? Na sisi tulifikiri alikuwa na punda."

Watu wakacheka. Hata yeye alitabasamu kidogo. "Cheka tu, mama. Wewe kwenu mtu akitaka kwenda chooni anachora ramani."

"Afadhali choo changu kinajulikana mwenyewe ni nani."

Hapo binti akaeleza jambo lenyewe. Ule uwanja wa katikati pamoja na yale maduka, kwenye mpango, unaonekana ni ardhi ya umma. Kama ni ya umma, maduka yatatoka, patakuwa stendi na vibanda vya soko. Lakini kama kuna familia iliyokuwa hapo kabla ya kijiji, ikiendesha soko kwenye ardhi yake, lazima iandikwe hivyo, na mpango uzunguke maduka yao. Yeye hataki kusikia hadithi tu, akasema, na hataki kudharau hadithi.

"Kuna picha za zamani?" rafiki yangu akauliza. "Za ndege ya wakati huo?"

"Zipo. Naweza kuziagiza."

"Agiza. Ya kabla ya kijiji. Ndege haina ukoo, haitapendelea mtu."

Ni yeye aliyeziomba. Ninalirudia hilo kwa sababu kuna watu sokoni wanasema eti binti alimtafuta ili amwaibishe. Hakumtafuta. Alimuuliza hata mara ya pili kama ana hakika, akasema ana hakika. Alikuwa na hakika kama mtu anavyokuwa na hakika ya siku aliyozaliwa, yaani kwa kuambiwa.

Picha zilikuja baada ya mvua fupi. Tuliitwa watatu, rafiki yangu kwa sababu ni kesi yake, mimi kwa kamati, na yule mama wa ndizi kwa upande wa Matumbo. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga huko Kaaga, karibu na shule, watoto walikuwa wanaimba hesabu ng'ambo ya ua. Rafiki yangu alikuwa amevaa koti la kanisani. Njiani alikuwa amenunua maandazi, akatugawia, akamwambia mama wa ndizi, "Kula vizuri, leo utaona babangu akishika kamba."

"Nimekuja na miwani yangu," mama akasema.

Lakini miwani yake haikutumika. Binti alikuwa na kifaa cha kuchungulia, kama meza ndogo ya miguu minne yenye vioo viwili juu. Chini yake aliweka picha mbili, nyeusi na nyeupe, zinazofanana kabisa. Hazikuwa sawa, akasema. Ndege ilipiga moja, ikasonga mbele, ikapiga nyingine, kila moja imeona kwa pembe yake, kama vile jicho la kulia na la kushoto. Nikainama. Mwanzo niliona ukungu na kope zangu. Halafu zile mbili zikaingiana zikawa moja, na mgongo wetu ukainuka. Uliinuka kabisa, miti ikasimama, bonde la mto likazama mpaka nikashika ukingo wa meza. Binti akasema kifaa kinaongeza, bonde halina kina hicho. Nikasema najua, nimebeba kuni kutoka huko.

Hiyo ilikuwa picha ya kabla ya kijiji. Mistarini haikuwepo. Pale juu palikuwa na mashamba madogo yasiyo na umbo, migomba, na nyumba za mviringo moja hapa moja kule. Njia zilikuwa nyembamba kama nyuzi, na zote zilikuwa zinateremka, zinapinda, zinakutana chini karibu na kivuko cha mto. Na pale zilipokutana palikuwa na doa jeupe.

"Hilo ndilo soko," binti akasema. "Udongo uliokanyagwa na watu wengi huwa unatoka mweupe."

Mama wa ndizi alikuwa amechukua zamu. Alikaa kwenye kioo muda mrefu, makalio nje, hataki kutoka. "Hapa ni kwetu," akasema. "Hapa nyanya yangu alikuwa anauza vyungu. Si niliwaambia? Matumbo ndiyo mji. Nyinyi wa juu ni wageni." Njia zile zile, binti akamwambia, ndizo vichochoro vya Matumbo leo, ukiweka picha hizi juu ya ya sasa zinalingana karibu zote.

Rafiki yangu akainama akatazama. Akatazama juu ya mgongo, siyo chini.

"Labda haikuwa siku ya soko," akasema.

"Doa halitoki kwa sababu si siku ya soko, mzee."

"Labda babangu alikuwa hajaanza."

"Inawezekana," binti akasema kwa upole. "Tuangalie inayofuata."

Ya pili ilikuwa ya kijiji chenyewe. Hiyo sikuhitaji kuelezwa. Safu zilikuwepo, paa za nyasi zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, mtaro ukizunguka na kivuli chake cheusi. Nilitafuta safu yetu. Ilikuwa ya pili kutoka kwenye lango la upande wa mlima, na nyumba ya mama ilikuwa ya mwisho, karibu na vyoo, kwa hiyo tulijua harufu kuliko wengine. Niliipata. Nilishangaa kwamba sikuhisi kitu kikubwa. Ilikuwa kidoa. Nikamwonyesha binti, nikamwonyesha mama wa ndizi, ambaye kwao ilikuwa safu ya kule ng'ambo.

"Na yetu?" rafiki yangu akasema. "Wewe ni mkubwa kwangu. Nionyeshe nyumba yetu."

Nikasema, "Ngoja wewe utazame kwanza."

Akatazama. Binti alikuwa na karatasi ya plastiki ya kuona ng'ambo, amechora juu yake njia za leo na maduka ya leo kwa wino mwekundu. Akaondoa kifaa, akailaza juu ya picha moja, akaisogeza polepole. Alitumia kanisa na kona ya barabara ya mlima, vitu ambavyo havijahama. Vilipolingana, barabara ya kuzunguka ikalala juu ya mtaro kama mkanda uliorudi kwenye matundu yake. Njia za Mistarini zikaingia katikati ya safu. Na mstari mwekundu wa maduka ya rafiki yangu haukulala juu ya safu yoyote. Ulilala kando ya uwanja, ndani ya kiboma kidogo cha mraba, chenye mtaro wake peke yake, na kitu kama mnara kwenye pembe, kivuli chake kirefu kimeangukia nyumba za watu.

Binti hakujua. Au kama alijua kwa vitabu, hakujua ni nani amesimama mbele yake. Akaweka ncha ya penseli pale.

"Na hapa palikuwa nini?" akauliza. "Mlango wake unaangalia safu, na hapaingiliki isipokuwa kwa daraja hili dogo. Nani aliishi humu?"

Watoto wa shule waliendelea kuimba hesabu yao.

Humo waliishi homgadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na mkoloni watulinde sisi. Walilala humo na bunduki zao, na asubuhi walitoka kutuhesabu. Baadhi yao walikuwa wabaya na baadhi walikuwa watu tu waliochagua upande wa kulala wakiwa wameshiba. Babake rafiki yangu alikuwa mkubwa wao. Mimi nilimwona na macho yangu akiwa na kofia na kiboko, na ni kweli alikuwa na kamba, alipima nayo safu akisimamia akina mama wakichimba. Hiyo sehemu ya hadithi haikuwa uongo. Wakati kiboma kilipobomolewa, yeye alibaki pale pale alipokuwa, akajenga duka, na nani angemwondoa? Baadaye alikuwa mzee wa kanisa na alinikopesha mbegu. Watu wa umri wangu wote walijua, na hakuna hata mmoja aliyemwambia huyu mwanawe. Hapa kwetu hakuna anayeuliza mwenzake babako alilala upande upi wa mtaro. Tumeoana, tumezikana, tumeketi kwenye vyama vya kahawa pamoja. Sikusema kitu miaka yote hiyo na hata leo sioni kwamba nilipaswa kusema.

Mama wa ndizi, na mdomo wake wote ule, alifungua mkoba akatafuta leso ambayo hakuihitaji.

Rafiki yangu hakuwa anamtazama binti. Alikuwa anaitazama picha. Alikuwa anafuata kwa kidole, bila kuigusa, kutoka kwenye mstari mwekundu mpaka kwenye mtaro, kutoka kwenye mtaro mpaka kwenye safu. Kisha akanitazama mimi.

"Basi nyumba yetu ni hii," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Na yenu ni ile kule kwa vyoo."

"Ile kule."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei. Binti alikuwa ameshaelewa kwamba kuna kitu, akaitoa penseli, akasema labda tupumzike tunywe chai. Rafiki yangu akamwambia asante, mwanangu, picha ni nzuri. Akamwambia aandike anavyoona, yeye hana pingamizi tena. Akavaa kofia yake. Sote tulifikiri anatoka kwenda haja, kwa sababu ni wazee sisi, na mama wa ndizi alimwonyesha kwa mkono kwamba choo kiko nyuma ya nyumba.

Hakuzunguka nyuma. Nilimwona kwa dirisha akipita kwenye ua, akafungua geti, akalifunga vizuri kwa nyuma yake. Akatembea upande wa chini wa barabara, ule usioelekea stendi wala soko letu, koti la kanisani mgongoni, hatua za kawaida tu. Chai yake ikapoa, tukamngoja, na hakurudi. Hakurudi Kaaga, wala sokoni, wala kwenye maduka yake, mpaka leo ninapoandika.